Taarifa ya Nia ya Kukata Rufaa na Sababu za Rufaa, Kutoka Gereza Kuu Butimba

MAHAKAMA KUU YA TANZANIA
KANDA YA MWANZA

(Inatokana na Kesi ya Jinai Na. 87 ya 2023 ya Mahakama ya Wilaya)

SHIJA MASANJA KULWA ........ MRUFANI
dhidi ya
JAMHURI ........ MJIBU RUFAA

TAARIFA YA NIA YA KUKATA RUFAA
(Chini ya kifungu cha 361(1)(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20)

Mimi Shija Masanja Kulwa, mfungwa, miaka 29, kazi yangu uvuvi wa dagaa, natoa taarifa kwamba sijaridhika na hukumu iliyosomwa tarehe 14 Machi 2024 ambapo nilitiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, nikafungwa miaka 30. Nakata rufaa kupinga kutiwa hatiani na adhabu yote. Naomba nipatiwe nakala ya mwenendo na ya hukumu ili niandike sababu zangu vizuri. Sina wakili na sina hela ya kumlipa, kwa hiyo naomba nakala ziletwe hapa hapa gerezani kupitia kwa Mkuu wa Gereza.

Nimeandika kwa mkono wangu leo tarehe 20 Machi 2024, ni siku ya sita tangu hukumu, kwa hiyo niko ndani ya zile siku kumi.

Sahihi: S. M. Kulwa

SABABU ZA RUFAA

Mheshimiwa Jaji, nakala nilizipokea tarehe 17 Mei 2024 na nazileta sababu leo tarehe 12 Juni. Siku 45 hazijaisha kwa sababu sheria inasema muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi. Naandika kwa Kiswahili kama sheria ya 2021 ilivyoruhusu kwamba Kiswahili ndio lugha ya mahakama, naandika kama ninavyoongea, ila kila kurasa ninayoitaja nimeiangalia kwenye mwenendo.

Sababu ya kwanza, na hii ndio kubwa kuliko zote, ni utambuzi. Mlalamikaji ambaye ni SM1 alisema alivamiwa tarehe 9 Septemba 2023 saa 4 usiku akiwa anatoka kufunga duka anaelekea nyumbani, watu watatu wenye mapanga, na kwamba mimi alinitambua kwa mwanga wa mbalamwezi. Ni maneno yake mwenyewe, kurasa ya 11, "mbalamwezi ilikuwa inawaka nikamuona vizuri." Hakutaja taa ya umeme wala tochi wala kitu kingine chochote, ni mbalamwezi tu. Sasa mheshimiwa, usiku ule saa 4 hakukuwa na mwezi. Mwezi mwandamo wa mwezi ule wa Septemba uliangukia tarehe 15, maana yake tarehe 9 mwezi ulikuwa umebaki kipande na ulikuwa unatoka baada ya saa 6 usiku kupita. Saa 4 ni giza tupu. Sio kitu cha kubishania na mtu, kalenda ipo, mahakama inaweza kuifungua na kuangalia.

Na mimi nalijua hili kwa sababu ndio kazi yangu. Sisi wa dagaa tunafanya kazi na giza. Mbalamwezi ikiwa imejaa dagaa hawafuati taa, wanatawanyika, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa mwaloni watu wanashona nyavu na kupumzika, giza likiingia ndio tunarudi ziwani na taa zetu. Tarehe 9 tulikuwa tuko katikati ya giza. Mtu yeyote wa mwaloni ukimuuliza usiku wa tarehe 9 Septemba ulikuwaje atakwambia tulikuwa kazini. Niliuliza swali hili kwa SM1 nikiwa namhoji, kurasa ya 13, nikamwambia siku ile ilikuwa giza sisi tulikuwa ziwani, akajibu "mimi nilikuona," basi ikaishia hapo, na hakimu kwenye hukumu hakugusa kabisa hilo jibu wala hilo swali.

Mahakama ya Rufani kwenye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri [1980] TLR 250 ilisema ushahidi wa utambuzi wa kuona ni ushahidi dhaifu kuliko wote, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe, yaani iangaliwe alimuona kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, na kama alimjua kabla. SM1 hakusema alituangalia kwa dakika ngapi. Hakusema tulikuwa umbali gani. Alisema tu alipigwa bapa la panga mgongoni akaanguka kifudifudi. Mtu aliyelala kifudifudi kwenye giza anamtambuaje mtu aliyesimama nyuma yake?

Kuna jingine kwenye hapo hapo. SM1 anadai ananijua miaka miwili, kwamba nilikuwa nanunua kwake vocha na sigara. Lakini SM2, jirani aliyekuja wa kwanza baada ya yowe, alisema kurasa ya 15 kwamba alimuuliza mlalamikaji "umewajua?" akajibiwa "hapana, sikuwajua." Huyu ni shahidi wa Jamhuri, mimi sikumleta. Jina langu limekuja kutajwa polisi siku ya pili, tarehe 11 asubuhi. Marwa Wangiti Mwita dhidi ya Jamhuri [2002] TLR 39 inasema shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa kunampa uaminifu, na kuchelewa au kushindwa kumtaja bila sababu kunatakiwa kuifanya mahakama ijiulize. Hakimu hakujiuliza. Kwenye hukumu kurasa ya 6 ameandika tu kwamba SM1 alikuwa "shahidi anayeaminika", maneno ya SM2 yameachwa kama vile hajawahi kupanda kizimbani.

Sababu ya pili ni maelezo ya onyo, kielelezo P2. Nilikamatwa tarehe 11 Septemba saa 2 asubuhi nikiwa natandaza dagaa, hilo hata askari SM4 amelikubali kurasa ya 22. Maelezo yanaonyesha yaliandikwa tarehe 12 saa 10 jioni. Kifungu cha 50 cha Sura ya 20 kinatoa saa nne tangu mtu aanze kushikiliwa, na kama muda hautoshi kifungu cha 51 kinasema uombwe uongezwe. Hakuna karatasi ya kuongeza muda iliyoletwa wala sababu iliyosemwa. Nilipinga yasipokelewe, nikasema nilipigwa na sikusomewa nilichoweka dole, imeandikwa kurasa ya 24 "mshtakiwa anapinga." Mstari unaofuata ni "pingamizi limekataliwa, P2 imepokelewa." Hakukuwa na uchunguzi wowote wa kujua nilitoa kwa hiari au la, sikuitwa kueleza nilipigwaje, askari hakuulizwa. Na baada ya kupokelewa hayakusomwa mahakamani. Mimi nimeyasoma kwa mara ya kwanza nikiwa humu gerezani kwenye nakala, ndipo nikaona eti nimekiri kwamba hela tuligawana. Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri [2003] TLR 218 inasema kielelezo cha maandishi kwanza kifanyiwe utaratibu wa kupokelewa, kipokelewe, ndipo kisomwe. Naomba P2 iondolewe yote kwenye kumbukumbu.

Sababu ya tatu, simu. Wanasema walikuta simu ya mlalamikaji chumbani kwangu. Simu ile ni ya batani, nyeusi, ya kwangu, nimeitumia mpaka namba 5 imefutika. Hati ya mashtaka inasema iliibiwa simu aina ya Tecno na shilingi 1,240,000. SM1 kizimbani akasema simu yake ni Itel na hela ilikuwa 840,000. Hati haikubadilishwa mpaka mwisho. Hakuleta risiti, hakutaja alama yoyote ya simu yake kabla hajaonyeshwa, na namba ya utambulisho wa simu, ile ukibonyeza *#06# inatokea, haikusomwa na yeyote wakati ndio ingemaliza ubishi pale pale. Upekuzi haukuwa na shahidi wa kujitegemea, sikupewa risiti ya kuchukuliwa mali kama kifungu cha 38(3) kinavyotaka. Na haijaelezwa simu ilikaa kwa nani tangu tarehe 11 Septemba mpaka ilipoletwa mahakamani Januari. Mahakama imesema nilikutwa na mali iliyoibiwa karibuni, lakini ili hilo lisimame mali lazima kwanza ithibitike ni ya mlalamikaji, na haijathibitika.

Sababu ya nne ni utetezi wangu kutupwa. Kwenye usikilizwaji wa awali, kurasa ya 5, nilisema mapema kabisa kwamba usiku ule nilikuwa ziwani na wenzangu watatu kwenye mtumbwi wa tajiri wangu, kwa hiyo taarifa ya kutokuwepo eneo la tukio niliitoa kama kifungu cha 194(4) kinavyosema, Jamhuri walikuwa na miezi mizima ya kwenda mwaloni kuuliza na hawakwenda. Siku ya utetezi nilileta mmoja, SU2, akaeleza tulitoka jua linazama tukarudi asubuhi na ndoo zikapimwa. Nikaomba ahirisho moja ili nahodha wetu aje, alikuwa kambi ya kisiwani, ikakataliwa kwa sababu kesi "imechukua muda mrefu", na ahirisho zote kabla ya hapo aliomba mwendesha mashtaka kwa kukosa mashahidi wake. Halafu hukumu kurasa ya 7 inasema "mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha kwamba alikuwa ziwani." Mheshimiwa, mimi sikutakiwa kuthibitisha. Mzigo ni wa Jamhuri mwanzo mpaka mwisho, Jonas Nkize dhidi ya Jamhuri [1992] TLR 213. Mimi natakiwa kutia shaka tu. Na SU2 hatajwi hata kwa jina kwenye uchambuzi, wakati Hussein Idd na mwenzake dhidi ya Jamhuri [1986] TLR 166 inasema kuamua kwa ushahidi wa upande mmoja bila kuuangalia utetezi ni kosa kubwa.

Kuhusu adhabu sina mengi, najua 30 ndio kiwango cha chini kwa kosa lile. Ninachosema ni kwamba kosa lenyewe sikulifanya. Mtoto wangu wa mwisho alizaliwa nikiwa mahabusu, nikimaliza miaka hii yote atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na yote hayo yamesimama juu ya mwezi ambao haukuwepo.

Kwa hiyo naomba Mahakama hii tukufu ikubali rufaa, ifute hatia, itengue adhabu na iamuru niachiwe huru. Sio kesi ya kurudishwa ianze upya, maana Jamhuri wangepata nafasi ya kwenda kuziba yale mashimo niliyoyaonyesha. Naomba pia niletwe mwenyewe siku ya kusikilizwa ili nijibu maswali, na niruhusiwe kuongeza sababu nyingine kama itatokea.

Imeandikwa na kusainiwa na mimi mrufani, Gereza Kuu Butimba, Mwanza, tarehe 12 Juni 2024.

Sahihi: S. M. Kulwa
Dole gumba la kulia: limewekwa

Imepokelewa kutoka kwa mrufani leo tarehe 12 Juni 2024, kurasa nne za maandishi ya mkono, ipelekwe kwa Naibu Msajili, Mahakama Kuu Mwanza, na nakala kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka.

Kny: Mkuu wa Gereza
(sahihi na muhuri)