Ikisiri: Usanifu, Ujenzi na Majaribio ya Mfumo wa Umwagiliaji wa Matone Unaotumia Umeme wa Jua katika Shamba la Nusu Ekari, Wilaya ya Chamwino, Dodoma

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili, na wastani wa mvua kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600. Kwa miezi inayobaki, mkulima wa mbogamboga hutegemea kisima. Katika shamba la nyanya lililotumika kwa mradi huu, maji yalikuwa yakivutwa kwa pampu ya petroli. Pampu ya juu ya ardhi hushindwa kuvuta maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 hivi, kwa hiyo mwenye shamba alikuwa amechimba kibaraza ndani ya kisima, mita 5 kutoka mdomoni, akaiweka pampu hapo na kushuka kwa kamba kila asubuhi kwenda kuiwasha. Mbali na gharama ya mafuta, moshi wa injini ulibaki ndani ya shimo alimosimama, na hatari hiyo peke yake ilitosha kuuhalalisha mradi.

Lengo kuu lilikuwa kusanifu, kujenga na kupima mfumo wa sola unaoweza kumwagilia nusu ekari ya nyanya, yaani karibu mita za mraba 2,000, bila mtu kushuka kisimani na bila betri, maji yakihifadhiwa kwenye tangi badala ya umeme. Malengo mahsusi yalikuwa matatu: kukokotoa mahitaji ya maji na ukubwa wa paneli na pampu, kutengeneza kidhibiti kinachofungua valvu kwa kufuata unyevu wa udongo, na kulinganisha utendaji halisi wa mfumo na ule uliokokotolewa.

Mahitaji ya maji yalikokotolewa kwa mlinganyo wa Penman-Monteith unaopendekezwa na FAO. Kwa uvukizo rejea wa milimita 6.0 kwa siku, kigawo cha zao cha 1.15 wakati nyanya zinapozaa, na ufanisi wa matone wa asilimia 90, shamba lilihitaji mita za ujazo 15.3 kwa siku. Kina cha maji wakati wa kuvuta kilikadiriwa kuwa mita 12. Ukijumlisha mita 5 za kupanda hadi mdomo wa tangi na mita 2 za msuguano wa mabomba, kimo chote kilikuwa mita 19. Kazi ya kuinua maji hayo ni kilowati saa 0.79 kwa siku. Kwa ufanisi wa pampu wa asilimia 35, upotevu wa asilimia 20 kwenye paneli na nyaya, na saa 5.5 za jua kamili, zilihitajika wati 514, hivyo zikafungwa paneli mbili za wati 300 kila moja na pampu ya kuzamishwa ya mkondo mnyoofu yenye wati 500. Paneli zilielekezwa kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 15, ambao ni mkubwa kuliko latitudo ya eneo, ili vumbi lisitulie juu yake. Tangi la lita 5,000 liliwekwa juu ya jukwaa la mita 3, na mipira ya matone ikalishwa kwa mteremko pekee.

Vihisi unyevu vilifukiwa sentimita 20 chini ya ardhi, na usomaji wake ulisahihishwa kwa sampuli za udongo zilizokaushwa kwenye tanuri. Kidhibiti kilifungua valvu unyevu uliposhuka chini ya asilimia 18 kwa ujazo na kuifunga ulipofika asilimia 28. Nusu ya matuta ilimwagiliwa kwa vihisi na nusu kwa saa maalumu. Majaribio ya awamu ya kwanza yalichukua siku 42, kuanzia tarehe 24 Agosti hadi tarehe 4 Oktoba, na katika siku hizo pampu iliachwa ifanye kazi hata tangi lilipojaa, maji ya ziada yakielekezwa kwenye bustani ya mchicha iliyo jirani.

Mionzi ya jua iliyopimwa ilikuwa wastani wa kilowati saa 6.1 kwa mita ya mraba kwa siku, kiasi kinachozidi kile cha usanifu, na kwa hesabu hiyo pampu ilipaswa kutoa mita za ujazo 17.0 kwa siku. Ilitoa wastani wa 13.9 tu. Vumbi lilichangia: paneli isiyofutwa kwa siku 14 ilitoa umeme pungufu kwa asilimia 11 kuliko iliyofutwa. Hata hivyo, sababu kubwa ilikuwa kisima chenyewe. Kasi yake ya kujaa tuliipima mwezi Mei, mvua zikiwa zimekatika karibuni, tukapata mita za ujazo 3.4 kwa saa. Kipimo kiliporudiwa Oktoba kilikuwa 2.1. Kufikia saa nane mchana maji yalikuwa yameshuka hadi mita 14.6 kwa wastani, na katika siku 9 kati ya 42 kihisi cha kina kiliizima pampu jua likiwa kali. Kosa hilo la usanifu ni letu: paneli zilichaguliwa kwa takwimu za mwezi wa jua, lakini kisima kilipimwa katika mwezi wa maji.

Katika awamu ya pili, kuanzia tarehe 5 hadi 25 Oktoba, kidhibiti kilipangwa upya ili pampu ifanye kazi kuanzia saa mbili hadi saa tano na nusu asubuhi, kisima kipumzike, kisha iendelee kuanzia saa saba na nusu mchana hadi saa kumi na moja jioni. Ingawa ratiba hiyo huacha jua la saa sita lipite bure, pampu haikuzimika hata mara moja, na wastani wa maji ulipanda hadi mita za ujazo 14.6 kwa siku. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na paneli kufutwa kila wiki, na athari za mabadiliko haya mawili hazikutenganishwa.

Matuta yenye vihisi yalitumia maji pungufu kwa asilimia 23 kuliko yale ya saa maalumu, tofauti ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya siku ambazo miche ilikuwa bado midogo. Mgawo wa usawa wa Christiansen ulikuwa asilimia 88 mwanzoni, ukashuka hadi 81 baada ya wiki nne matundu yalipoziba, na kurudi 87 mipira iliposafishwa. Mavuno hayakupimwa kwa kuwa muda wa mradi ulikwisha kabla ya uchumaji.

Mfumo uligharimu shilingi 3,930,000. Kwa lita 2 za petroli kwa siku, bei ya shilingi 3,000 kwa lita, siku 180 za kumwagilia kwa mwaka na matengenezo ya pampu ya petroli ya shilingi 150,000 kwa mwaka, gharama hiyo hurudi baada ya miaka 3.2, bila kuhesabu riba kwa atakayekopa. Inapendekezwa kwamba, kwa visima vifupi vya eneo hili, kasi ya kujaa kwa kisima ipimwe mwezi Oktoba kabla ya paneli kununuliwa, na ukubwa wa pampu utokane na kipimo hicho.

Maneno makuu: umeme wa jua, umwagiliaji wa matone, pampu ya kuzamishwa, unyevu wa udongo, kasi ya kujaa kwa kisima, Chamwino