Pingamizi dhidi ya maombi ya kubadili matumizi na kujenga ghorofa 4, Kiwanja Na. 212, Kitalu D, Kijitonyama

Mwajuma Salehe Kombo,
Kiwanja Na. 214, Kitalu D,
Kijitonyama, Dar es Salaam.
12 Mei 2025

Mkurugenzi wa Manispaa,
Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni,
Dar es Salaam.

K.K.: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA MAOMBI YA KIWANJA NA. 212

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa niaba ya kaya za viwanja Na. 214, 216 na 218. Tarehe 28 Aprili bango lilisimikwa mbele ya Kiwanja Na. 212 likieleza kuwa mmiliki anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kuwa makazi na biashara, ili ajenge ghorofa 4 zenye maduka chini. Tunapinga maombi hayo kama yalivyo sasa.

Kubwa kuliko yote ni njia. Kati ya Na. 212 na Na. 214 kuna njia ya mita 3 iliyochorwa kwenye ramani ya mipango miji ya eneo letu; nakala nimeambatanisha. Si sehemu ya kiwanja chake wala changu. Viwanja Na. 216 na 218 viko nyuma na havina mlango mwingine wa kutokea barabarani. Tangu mwezi Machi nusu ya njia imezungushiwa mabati, na nusu iliyobaki imemwagiwa kokoto. Gari la kunyonya maji taka halipiti tena. Shimo la Na. 218 lilijaa katikati ya masika, likafurika hadi uani kwa watu, na katika nyumba hiyo kuna mama mwenye umri wa miaka 81 anayetembelea kiti cha magurudumu. Siku akizidiwa atatolewa kwa kubebwa mgongoni. Moto nao ukizuka, gari la zimamoto litaishia barabarani.

Mchoro aliotuonyesha msimamizi wa ujenzi unaweka nguzo za jengo ndani ya njia hiyo, na vibaraza vya ghorofa vinaning'inia juu yake. Mabati huondolewa kwa siku moja. Nguzo ya zege ikishasimama, nani ataing'oa?

Pili ni mwanga. Jengo litakuwa upande wetu wa mashariki, kimo chake mita 14. Madirisha ya vyumba vitatu vya nyumba yangu yanatazama upande huo, na ukuta wake ukiingia kwenye njia kama ulivyochorwa, utakuwa mita 3 tu kutoka kwenye madirisha hayo. Kwa vipimo hivyo jua halitaingia vyumbani hadi karibu saa tano na nusu asubuhi, na kufikia hapo linakuwa utosini, haliingii dirishani tena. Nilipomuuliza msimamizi, alinijibu niwashe taa. Sijui kama LUKU atanilipia yeye. Hewa nayo itakatika, na anayeijua Dar es Salaam ya Januari anajua chumba kisicho na upepo kinakuwaje.

Viwanja vya Kijitonyama, kama vya Sinza na Mikocheni, vilipimwa miaka ya 1970 kwa nyumba za familia. Ni vidogo na vimesogeleana. Hatusemi mji usikue; ghorofa zipo mtaani na hatujazipinga. Jirani yetu huyu tumezikana naye, na tulimfuata mara mbili mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa kabla ya kuandika barua hii. Akijenga ghorofa 2 ndani ya mipaka yake, akaacha nafasi ya kutosha upande wetu, hatutakuwa na neno.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka uendelezaji ufanyike kwa idhini ya mamlaka ya upangaji, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya kupita. Kwa hiyo tunaomba:

Maombi yasikubaliwe kabla Afisa Mipango Miji na Mpima hawajafika kwenye eneo na kuonyesha mawe ya mpaka mbele yetu sote. Jiwe la kona ya kusini-magharibi halionekani tangu uchimbaji uanze.

Mabati na kokoto viondolewe mara moja, bila kusubiri uamuzi wa maombi, kwa kuwa shimo la Na. 218 haliwezi kungoja kikao.

Michoro irekebishwe ili nguzo na vibaraza vitoke ndani ya njia na kimo kipungue, nasi tuitwe tusikilizwe kabla ya kibali kutolewa.

Nimeambatanisha nakala ya ramani, picha 6 za njia, muhtasari wa vikao viwili vya Serikali ya Mtaa na saini za wakazi 11. Ninapatikana nyumbani siku zote baada ya saa tisa alasiri, na wataalamu wako wakija nitawafungulia wapime kutokea upande wangu.

Wako mtiifu,

Mwajuma Salehe Kombo
Kwa niaba ya wakazi wa viwanja Na. 214, 216 na 218

Nakala: Diwani wa Kata ya Kijitonyama
Nakala: Mmiliki wa Kiwanja Na. 212