Neno la shukrani, chakula cha hisani cha wodi ya wazazi

Mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, wachungaji, shehe wetu, wazee, na nyie wote mliovumilia baridi hii ya Rungwe mpaka saa hizi, naomba itifaki izingatiwe. Kamati imenituma nishukuru, na furaha niliyonayo hata sijui nianzie wapi.

Mgeni rasmi, umetoka Mbeya mjini na ukungu wote ule wa Isyonje, umefika mapema, na ukatoa mabati 60 kabla hata ratiba haijafika kwako. Watu wamechangamkia hapo. Asante sana baba. Diwani na mtendaji wetu wa kata, asanteni kwa kutusimamia tangu tunatafuta kiwanja.

Sasa ule mkungu wa ndizi jamani. Bibi yetu kaubeba mwenyewe toka shambani, kasema hela sina ila hizi ninazo. MC kaunadi, umeenda elfu 50, aliyenunua akaurudisha mezani unadiwe tena, wa pili naye hivyo hivyo, wa tatu naye, mpaka unatoka hapa umeingiza laki 3 na elfu 40, hiyo ni karibu mifuko 20 ya saruji. Bibi, ndaga fijo!

Akina mama wa vikoba mmefungua mfuko wenu wa jamii bila kusukumwa, Mungu awarudishie. Wenye malori, tripu zenu za mchanga na kokoto tumeziandika. Na watoto wetu wa Dar na Tunduma, meseji za miamala zinaingia mpaka sasa hivi mhasibu anahangaika kunakili, tunawashukuru mno.

Mkuu wa shule, umetupa bwalo bure na jenereta juu. Waliotuazima viti na masufuria, kwaya, MC, vijana wa bodaboda mliobeba wageni toka stendi kwenye matope yale, asanteni sana. Wapishi wamewasha moto alfajiri, wali wa Kyela wote mmeula, ila muda huu wako nyuma wanaosha sahani na hawanisikii. Naomba kijana mmoja akawaite waje wasimame hapa mlangoni, tuwapigie makofi wakiwa wanatuona.

Halafu kuna nesi wetu, leo yuko zamu zahanati, hakuweza kuja. Huyu ndo anazalisha wake zetu kwenye kachumba kale kamoja, usiku wa mvua za Machi gari ya kwenda Tukuyu haipatikani na yeye yupo. Chakula chake kimefunikwa, dereva wa boda anampelekea sasa hivi, na amwambie tumemtaja mbele ya watu wote.

Wenye ahadi, mweka hazina amekaa mlangoni na daftari, mwisho tarehe 30. Mchungaji, karibu utufungie kwa sala.