Mpango wa Biashara: Famasi ya Rejareja, Kihonda, Morogoro

Umeandaliwa na wabia watatu kwa ajili ya kamati ya mikopo ya SACCOS

Tunaomba mkopo wa shilingi 12,000,000 kwa miezi 24. Sisi wenyewe tumeshaweka 30,000,000. Jumla hiyo ya milioni 42 itagawanyika hivi: dawa za kuanzia milioni 18, rafu, kiyoyozi, friji na umeme wa akiba milioni 9.5, vibali, kompyuta na mashine ya EFD milioni 3.8, kodi ya pango ya miezi sita milioni 2.7, na milioni 8 zitabaki benki bila kuguswa, za kutuvusha miezi ya mwanzo.

Dawa tutakazoweka

Mmoja wetu ni fundi dawa sanifu, na amefanya kazi miaka tisa kwenye famasi za watu. Aliona duka lililojaa hadi dari likifa, kwa sababu pesa yote ilikuwa imelala rafuni ikisubiri kuisha muda. Kwa hiyo tutaanza na aina 400 hivi, si zaidi. Uzito tunauweka kwenye dawa za shinikizo la damu na kisukari (amlodipini, losatani, metifomini), kwa sababu mgonjwa wa namna hii hurudi kila mwezi, na akikosa dawa yake mara mbili hatarudi tena. Zitafuata dawa ya mseto ya malaria, antibayotiki za kawaida, ORS na zinki, dawa za pumu, uzazi wa mpango, na vifaa kama glavu, bandeji na vipimo vya mimba. Insulini tutaweka chupa chache, kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, joto likiandikwa asubuhi na jioni. Vipodozi vitapata rafu moja tu.

Inayoisha muda mapema ndiyo itakayotoka kwanza. Dawa iliyobakiza miezi sita huondolewa kwenye oda, na hatupokei mzigo wenye muda chini ya mwaka mmoja, hata ukipunguzwa bei kiasi gani.

Mikopo ya wauzaji wa jumla

Hapa ndipo famasi nyingi huumia. Muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam hutoa mali kauli kwa urahisi, mzigo unafika kwa basi siku hiyo hiyo, na siku ya 30 inakukuta umeshalipia ada ya mtoto kwa pesa yake. Miezi mitatu ya kwanza tutanunua kwa taslimu ili tujenge jina. Baada ya hapo tutakopa kwa wauzaji watatu tu, wote wenye vibali, na deni lote kwa pamoja halitazidi milioni 5. Kila jioni, gharama ya dawa tulizokopa na zikauzwa siku hiyo inahamishiwa akaunti ya pili, ambayo haitoi pesa bila saini za wabia wawili. Dawa za msimu na zile zisizotembea hazikopwi kabisa.

Wateja hawatakopeshwa. Mkataba wa bima nao tutausubiri mpaka mwaka wa pili, maana madai hulipwa baada ya uhakiki na sisi hatuna mtaji wa kungoja.

Bei

Bei itajengwa juu ya gharama ya kununua pamoja na nauli ya mzigo. Dawa zinazotoka haraka tutaongeza asilimia 25, nyingine asilimia 40, na za gharama kubwa kama insulini asilimia 15 tu. Bei ya usiku ni ile ile ya mchana, na hakuna bei ya kumwangalia mtu usoni. Mteja akipungukiwa, ataonyeshwa dawa hiyo hiyo ya kiwanda cha bei nafuu. Nusu dozi ya antibayotiki haiuzwi.

Kwa mchanganyiko huo tunakadiria faida ghafi ya robo ya mauzo. Matumizi ya mwezi, pamoja na rejesho la mkopo la 600,000, ni milioni 3.5, hivyo tunahitaji mauzo ya takribani 467,000 kwa siku. Tunatarajia kuanza na 350,000, yaani pengo la 875,000 kwa mwezi, na ndiyo kazi ya ile milioni 8.

Mfamasia

Tutaajiri mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, kwa mshahara wa 1,200,000. Wapo wanaokodi cheti kikaning'inia ukutani huku mwenyewe akiwa mkoa mwingine. Sisi hatutafanya hivyo. Atakuwepo kazini, na mkataba unampa neno la mwisho: akikataa kutoa dawa, hakuna mbia wa kumpindua. Yeye ndiye anayekagua mzigo (usajili wa TMDA, namba ya toleo, tarehe), anayeshika ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa na rejesta yake, na anayeripoti TMDA madhara ya dawa. Malipo yake hayafungwi kwenye mauzo, ili asiwe na sababu ya kumwongezea mgonjwa dawa asiyoihitaji.

Siku asipokuwepo na hakuna mfamasia wa kumshikia zamu, dawa za cheti hazitatolewa, na hasara ya siku hiyo tumeiweka kwenye hesabu.