Yah: Muhtasari wa taarifa ya mkutano mkuu wa wanachama wa mradi wa maji

18 Juni

Kwa wanachama wote

Ndugu wanachama,

Taarifa kamili ya mkutano wetu wa Jumamosi tarehe 14 Juni imekamilika. Ina kurasa 38, kwa kuwa mkutano wenyewe ulifunguliwa saa tatu asubuhi ukafungwa saa kumi na moja jioni, na waliosema walikuwa wengi. Mwenyekiti ameniagiza niwaandikie muhtasari kwa ajili ya wale ambao hawatapata nafasi ya kuipitia yote. Pale muhtasari huu utakapopishana na taarifa, lililo kwenye taarifa ndilo litakalotambuliwa.

Akidi ilitimia: walihudhuria wanachama 112 kati ya 160. Kumbukumbu za mkutano uliopita zilithibitishwa bila marekebisho, na yatokanayo yalimalizwa mapema. Baada ya hapo karibu siku nzima ilikwenda kwenye ajenda mbili, upotevu wa maji na usalama wa maji (ukurasa wa 9 hadi wa 27). Kwenye orodha zilitenganishwa, lakini kadiri mjadala ulivyoendelea ilidhihirika kwamba ni jambo moja. Naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu, maana maamuzi karibu yote yanatoka hapo.

Fundi wetu alieleza kipimo alichofanya usiku, watu wakiwa wamelala. Aliomba kila nyumba ifunge koki, akafunga vituo vya kuchotea maji, kisha akasoma dira kubwa iliyo kwenye bomba linalotoka tangini, saa sita usiku na tena saa kumi alfajiri. Kwa kawaida dira ingekuwa karibu imesimama. Badala yake zilipita lita 5,600 kwa saa hizo nne, yaani lita 1,400 kila saa, na hakuna aliyekuwa anachota. Alituonya tusizidishe hesabu hiyo kwa saa 24, kwa sababu usiku presha huwa juu na uvujaji huongezeka. Hata hivyo ni maji mengi, na ni maji tuliyokwisha kuyalipia umeme wa kuyapandisha tangini.

Alipofunga valvu za laini moja moja, sehemu kubwa ya mtiririko ilikoma alipofikia laini ya bondeni. Hapo mama mmoja wa upande huo alisimama akasema majani nje ya ukuta wake hayanyauki hata kiangazi kikali, na yeye hajapata kuyamwagilia. Fundi alikwenda naye wakati wa mapumziko ya mchana. Walipofukua kidogo walikuta maungio ya zamani yamelegea, na bomba limelala karibu sana na mtaro wa majitaka.

Sasa unganisheni hilo na majibu ya maabara, yaliyosomwa mchana. Sampuli ya kisimani ilikuwa safi, na ya tangini pia. Sampuli ya bomba la mwisho la laini ya bondeni ilikutwa na bakteria wa kinyesi, ambao hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Baadhi ya wajumbe walidhani kisima kimechafuka. Sivyo. Tangu tuanze mgawo, laini hiyo hukaa bila presha siku nzima. Bomba likiwa na presha, maji hutoka kwenye tundu. Presha ikiisha, maji machafu yaliyolizunguka huingia kwa tundu lilelile, na mgawo ukirudi yanasukumwa hadi majumbani.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, nami nimeuandika kama ulivyokuwa. Upande mmoja ulitaka fedha za akiba zitumike kuunganisha nyumba 11 zilizoomba maji, kwa hoja kwamba waombaji wamesubiri muda mrefu na kila nyumba mpya inaongeza mapato. Hoja hiyo ina uzito, na waliosubiri wanastahili kuombwa radhi. Upande wa pili ulisema kuongeza nyumba kwenye mtandao unaovuja ni kurefusha mgawo, na kurefusha mgawo ni kuongeza uchafu bombani. Kura zilikuwa 71 za kutengeneza kwanza, 33 za kuunganisha kwanza, na wanachama 8 hawakupiga kura. Nyumba hizo 11 zitakuwa za kwanza kuunganishwa kipimo cha usiku kitakaporudiwa na kuonyesha uvujaji umeshuka, na agizo hilo limeandikwa kama azimio (ukurasa wa 26).

Mkutano pia uliazimia kwamba bomba la bondeni lihamishwe mbali na mtaro, si kuzibwa tu. Kazi ikiisha, laini itaoshwa na kutiwa klorini kabla ya kufunguliwa. Kwa kuwa kuna waliolalamikia harufu ya dawa, mkutano ulikubaliana na maelezo ya fundi: klorini inayobaki inapaswa kuwa angalau miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota, na maji yanatakiwa kukaa na dawa kwa dakika 30 au zaidi kabla ya kusambazwa. Kuanzia sasa itapimwa kila siku kwenye bomba la mwisho, siyo tangini peke yake kama ilivyozoeleka, na majibu yatabandikwa ubaoni.

Kuhusu wanaodaiwa, waliochelewa zaidi ya miezi mitatu watakubaliana na Mweka Hazina namna ya kulipa kidogokidogo. Majina hayatabandikwa. Pendekezo la kuyabandika lilitolewa, likakataliwa na wengi, na binafsi nimefurahi. Hesabu za mwaka zilipokelewa. Maswali mawili yaliyobaki kuhusu ununuzi wa mafuta ya jenereta yatajibiwa kwa maandishi na risiti zitaambatishwa. Mweka Hazina na wakaguzi wa ndani wamechaguliwa tena. Katika mengineyo, suala la uzio wa kisima limeahirishwa hadi mkutano ujao.

Yafuatayo yanamhusu kila mmoja wetu. Nyumba za laini ya bondeni zichemshe maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa, na ziendelee hivyo hadi sampuli mpya itoke safi. Tafadhali wafikishieni habari hii majirani wasiosoma barua, hasa wenye watoto wachanga. Jumamosi tarehe 28 Juni, kuanzia saa moja asubuhi, tutachimba mtaro wa bomba jipya. Kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye jembe au koleo. Wazee, wagonjwa na wanaonyonyesha hawahusiki na hawatatozwa kitu. Atakayeona unyevu usioelezeka barabarani au ukutani amweleze fundi siku hiyohiyo, hata kama ni kidogo.

Taarifa kamili ipo ofisini kwa kusoma na kunakili. Aliyezungumza na kuona maneno yake hayakuandikwa sawasawa anikabidhi marekebisho kwa maandishi kabla ya Ijumaa tarehe 27 Juni, akitaja ukurasa. Nitayapeleka yote mbele ya mkutano ujao kama yalivyo.

Nawashukuru mliokaa mpaka mwisho, na wale walioshindwa kura wakabaki kusaidia kupanga kazi ya kuchimba.

Wenu katika kazi,

Katibu
Kamati ya Maji

Nakala: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Fundi wa mradi