Ajenda namba 5: Kuhamisha jiko la shule kutoka kuni kwenda gesi na umeme

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, habari za asubuhi.

Ajenda namba 5 imo kwenye kabrasha kuanzia ukurasa wa 11. Naanza na uamuzi wenyewe, maana nisingependa mjumbe anisikilize nusu saa huku akijiuliza nataka nini.

Naiombea menejimenti ya shule idhini ya Bodi, leo, ya kutumia shilingi 33,800,000 kutoka Mfuko wa Ukarabati, ili jiko la shule liache kuni na kuanza kupika kwa gesi na umeme muhula wa pili utakapofunguliwa mwezi Julai. Pamoja na hilo, naomba Bodi ikubali kwamba gharama ya nishati ya kupikia itapanda kwa takriban shilingi 410,000 kwa mwezi, na kwamba kwa mwaka huu nyongeza hiyo ibebwe na kifungu cha chakula bila kugusa ada. Maneno ya azimio tunalopendekeza yako ukurasa wa 12, mstari wa mwisho. Wajumbe wakiyakubali kama yalivyo, nitasaini mkataba na fundi wiki ijayo.

Hatuombi leo fedha za bwalo jipya, wala hatuombi ada ya mwaka ujao ipangwe. Najua mambo hayo mawili yanazungumzwa na wazazi, lakini kila moja litakuja na ajenda yake.

Nimeitaja nyongeza ya gharama mapema kwa makusudi. Huko nje utasikia watu wakisema gesi ni nafuu kuliko kuni. Kwa shule yetu si kweli, angalau kwa bei za leo. Kuni zinatugharimu kama shilingi 1,050,000 kwa mwezi. Gesi, kwa makisio ya mitungi 9 ya kilo 38, ni shilingi 1,260,000, na umeme wa jiko utakuwa kama 200,000. Jumla 1,460,000. Mjumbe yeyote atakayepiga kura ya ndiyo apige akijua kwamba tutalipa zaidi. Nakuja kwenu kwa sababu naamini tunachopata kinastahili fedha hiyo, na nitaeleza kwa nini.

Tuna wanafunzi 412 wa bweni. Wanakula uji asubuhi, ugali au wali mchana, na jioni mara nyingi maharage au makande. Kwa majiko yale ya wazi tuliyonayo, chakula hicho kinameza zaidi ya kilo 300 za kuni kila siku. Ni Fuso moja karibu kila wiki tatu, na kila mwaka dereva anakwenda mbali zaidi kuzitafuta. Sisi wa Kondoa hatuhitaji kuhadithiwa maana ya ardhi kuvuliwa miti. Makorongo tunayaona kwa macho. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kwa sababu ya udongo wa milima hii, na mwaka 1979 wazee wetu walilazimika kuondoa mifugo yao kwenye eneo lililoharibika ili majani na miti virudi. Ile ilikuwa gharama kubwa kwa familia nyingi. Vichaka vilivyoota tena kwa gharama ile havipaswi kuishia chini ya masufuria yetu.

La pili ni wapishi. Wako watano, wanaanza kazi saa 10 alfajiri, na moshi wa jiko lile hauna pa kutokea ila mlangoni na kwenye matundu mawili ya juu. Naomba kila mjumbe, kikao kikiahirishwa kwa chai, apite jikoni dakika tano tu wakati maharage yako motoni. Mama anayesimama pale na mwiko kwa saa sita anavuta kitu ambacho hakuna mmoja wetu angekubali kukivuta ofisini kwake. Mimi ndiye mwajiri wao kwa niaba ya Bodi hii, na jambo hili linanikosesha raha.

Na la tatu: Serikali imekwisha kuelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Tumechelewa tayari. Ni bora tuhame kwa ratiba yetu wenyewe, wakati wa likizo ya Juni jiko likiwa tupu, kuliko kuhamishwa katikati ya muhula.

Wajumbe watauliza kwa nini si gesi peke yake. Ni kwa sababu ya maharage na makande. Vyakula hivi viwili ndivyo vinavyochemka kwa saa nyingi, na kuvipika kwa gesi tupu kungepandisha bili mno. Majiko mawili makubwa ya presha ya umeme yatabeba kazi hiyo. Gesi itabaki kwa uji, chai, wali na ugali. Umeme ukikatika, maharage yatarudi kwenye gesi siku hiyo, na tumeweka mitungi 12 badala ya 9 kwa ajili hiyo.

Tuliangalia pia majiko banifu ya kuni. Ni mazuri, yanapunguza kuni sana, lakini bado tungekuwa tunanunua kuni. Makaa ya Rafiki Briquettes ya STAMICO tuliyafikiria kwa uzito zaidi, na bado nayaona kama njia mbadala endapo bei ya gesi itaruka. Kilichotuzuia kwa sasa ni usafiri wa kuyafikisha hapa kila mwezi.

Kuhusu usalama, ambalo najua ndilo linalowakaa wazazi rohoni: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini. Kwa hiyo mitungi yote itakaa nje, kwenye banda la wavu lenye kufuli, na ukuta wa jiko utatobolewa matundu ya hewa usawa wa sakafu. Hakuna moto utakaowashwa kabla Jeshi la Zimamoto na Uokoaji halijakagua na wapishi wote watano hawajafundishwa. Hilo tumeliandika ndani ya azimio lenyewe, ili lisitegemee hiari ya mkuu wa shule.

Fedha: majiko na masufuria ni 14,200,000, mabomba, banda na ufundi 8,600,000, mitungi na gesi ya kuanzia 4,200,000, majiko ya presha na nyaya mpya 6,800,000. Mfuko wa Ukarabati una milioni 52. Tukitoa hizi zitabaki 18,200,000, ambazo mhasibu amethibitisha zinatosha paa la bweni la wasichana lililopangwa Septemba.

Kwa nini leo na si kikao cha Agosti? Bei ya fundi inadumu hadi tarehe 15 Mei, na kazi inahitaji wiki tatu jiko likiwa limefungwa. Tukikosa Juni, nafasi nyingine ni Desemba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, mhasibu atapitia makisio ya ukurasa wa 14, kisha nitapokea maswali kabla hujalihoji azimio.