Barua ya kuomba radhi kwa nafasi ya mwekahazina

Likoni, Mombasa
Mfunguo Nane

Kwa Ami Mwenyekiti na wazee wa kamati ya msikiti,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ami, nimepata habari kwamba baada ya swala ya Ijumaa jina langu lilitajwa kuwa mwekahazina na jamaa wakaitikia. Nimeguswa sana. Msikiti huo ndio nilioingizwa nikishikwa mkono na marehemu baba, na najua wazee hamumkabidhi mtu mali ya Mwenyezi Mungu kwa mzaha.

Hata hivyo naomba radhi, nafasi hiyo sitaiweza. Nasema mapema na wazi ili msinisubiri.

Mama alipatwa na kiharusi mwaka jana, na sasa upande wa kulia haujarudi. Mimi na dada yangu tunapokezana kumlea, na usiku ni wangu. Mchana niko bandarini Kilindini, na kazi ya kutoa mizigo haina saa: meli ikichelewa, nasi twachelewa. Kisha kuna kivuko. Ami wajua mwenyewe Likoni jioni feri moja ikiharibika huwaje.

Mwekahazina anatakiwa awepo. Sanduku la Ijumaa lihesabiwe siku ile ile, mbele ya watu wawili, liandikwe, na Jumatatu fedha ziwe benki. Kodi za yale maduka mawili ya wakfu zifuatiliwe, na bili ya maji isingoje mpaka watu wakose kutawadha. Mtu wa kuja mara moja kwa wiki mbili hawezi hayo.

Nina sababu nyingine ambayo sijawahi kuwaambia. Zamani nilikuwa mtia saini wa kikundi kimoja, nami nikawa mtu wa safari. Ili kazi isikwame, nilitia saini hundi tano tupu nikamwachia mwenzangu. Siku ya hesabu, hundi mbili hazikuwa na maelezo. Hakuna aliyethibitika kuwa amekula, lakini watu wawili waliokuwa wakisimama safu moja waliacha kusalimiana mpaka mmoja wao akafa. Mkono wangu ulikuwa ndani ya jambo lile. Kila nikikumbuka Mtume (S.A.W.) alivyomwambia Abu Dharri kwamba uongozi ni amana, na kwamba Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto ila kwa aliyeushika kwa haki yake, huiona sura ya yule aliyekufa. Kwa hivyo, tafadhalini, jina langu lisipelekwe benki hata kwa muda, hata kama ni la kujazia nafasi ya mtia saini wa tatu.

Kusaidia sikatai. Nitakayoyaweza ni haya, na nimeyapima kabla ya kuyaandika. Mara mbili kwa mwaka, Shaabani na Mfunguo Tatu, nitakaa na daftari, risiti na taarifa ya benki, nizilinganishe na niwaandikie wazee nilichokiona, kizuri na kibaya. Mkesha wa Idi nitakuja kupima mchele wa fitri na kuandika majina, ili kila nyumba ipate chake kabla ya swala. Usiku huo dada amekubali kubaki na mama. Na yeyote mtakayemchagua, nitamfundisha Jumapili mbili au tatu namna ya kupanga kitabu cha mapato na matumizi. Mikutano ya kila mwezi na zamu za futari msinihesabu. Nikiweza nitatokea, lakini msinipangie.

Mkiniruhusu kutoa rai, mtazameni yule binti anayehesabu sanduku la upande wa wanawake. Nimeliona daftari lake: miaka miwili, hakuna ukurasa uliochanwa, na palipokosewa pamepigwa mstari pakatiwa saini. Amesomea uhasibu na anakaa hatua chache kutoka msikitini. Najua baadhi ya wazee watasita. Ami, kuandika hesabu hakuna upande, na sijamwona mwanamume mtaani kwetu anayezitunza kama yeye. Kabla jina lake halijafika kwenye kikao, naomba aulizwe yeye na wazazi wake, asije akasikia msikitini kama mimi.

Funguo ya kabati la vitabu ningali nayo tangu tulipotengeneza orodha ya vyombo. Ijumaa hii, Inshallah, nitakuja mapema kabla ya adhana niikabidhi mkononi mwako, na kama una nafasi tukae kidogo barazani nikueleze zaidi habari za mama. Anakusalimu, na anaomba dua yenu.

Wabillahi tawfiq.

Mwanao,
Swaleh